Deni lililofutwa 2022, mteja analipa 2024: maingizo ya kulirudisha vitabuni

*Naandika vitabu vya kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na mwaka wetu unafungwa Desemba 31. Mwaka 2022 tulifuta deni la mteja mmoja, Sh 2,360,000 VAT ikiwemo, kwa sababu alifunga duka na simu ikawa haipatikani. VAT yake hatukuigusa. Mei 2024 wakili wetu kampata na kalipa nusu, Sh 1,180,000. Ameandika kuwa nusu iliyobaki atamalizia Desemba. Wakili alikata asilimia kumi yake kwanza, kwa hiyo benki ziliingia Sh 1,062,000. Bosi anataka nifungue hesabu za 2022 nizirekebishe. Mwenzangu anasema ni debiti benki, krediti mteja, basi. Nani yuko sahihi?*

Wote wawili wamekosea, ila kosa la bosi ni kubwa zaidi, kwa hiyo tuanze nalo.

Hesabu za 2022 zinabaki kama zilivyofungwa. Mlipofuta lile deni, mlipima kwa yale mliyoyajua siku ile: duka limefungwa, simu haipatikani, fedha hazitarajiwi. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa taarifa zilizokuwepo. Kwamba mtu amejitokeza miaka miwili baadaye ni tukio la 2024, na fedha zake ni pato la 2024. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinatenganisha makadirio yaliyobadilika na kosa la mwaka uliopita. Makadirio yakibadilika, athari yake inaingia kwenye mwaka yalipobadilika. Kinachorudisha mtu nyuma ni kosa, yaani pale ambapo taarifa ilikuwepo mezani na hamkuitumia.

Kwa sababu hiyo kuna jambo moja la kukagua kabla hujamjibu bosi. Pitia akaunti yenu ya fedha zisizojulikana mwenyewe kwa mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023. Wateja wengine huweka fedha benki bila kuandika jina, keshia anaziacha kwenye akaunti ya muda, na mwisho wa mwaka deni linafutwa wakati malipo yake yamelala kwenye ukurasa mwingine wa vitabu vilevile. Ukikuta kitu cha namna hiyo, hilo ni kosa la 2022, na linarekebishwa kwa taratibu za makosa ya miaka iliyopita pamoja na mkaguzi wenu. Usipokuta, 2022 haiguswi.

Mkiifungua kwa nguvu, madhara utayaona haraka. Faida iliyolimbikizwa mliyoanza nayo 2023 haitalingana tena na ile iliyoko kwenye hesabu zilizosainiwa. Ritani ya kodi ya mapato ya 2022 itatofautiana na vitabu, na mkaguzi atauliza kwa nini salio la mwanzo limesogea kwa Sh 1,180,000. Kwenye programu za uhasibu jambo hili hutokea hata bila mtu kukusudia: mtu anaifuta ile hati ya 2022 iliyoondoa deni, ankara ya zamani "inafufuka", naye anaipokelea malipo. Kwenye kioo mambo yanaonekana safi, lakini amebadilisha mwaka uliofungwa. Kama programu yenu ina tarehe ya kufunga vitabu, iwekeni pamoja na nywila.

Sasa njia ya mwenzako. Akaunti ya yule mteja kwenye leja ina salio sifuri tangu 2022, kwa sababu deni lilishaondolewa. Ukikrediti Sh 1,180,000 juu ya sifuri, mteja anakuwa na salio la krediti, na maana ya salio hilo kwenye leja ya wadaiwa ni kwamba ninyi ndiyo mnadaiwa naye. Inasomeka kama ametanguliza fedha za mzigo. Nimeona mauzo wakimpa mteja wa aina hii saruji na mabati "kwa salio lake", na hakuna aliyeiba wala kudanganya, wamefuata tu kilichoandikwa. Hata kama hilo halitatokea, jumla ya wadaiwa kwenye mizania itapungua kwa Sh 1,180,000 isiyostahili, na pato la 2024 halitaonekana kokote.

Kuna na njia ya tatu ambayo hukuitaja lakini wengi huitumia: debiti benki, krediti akaunti ya pato, bila kumgusa mteja kabisa. Faida inatoka sawa, na kihesabu hakuna kinachoharibika. Tatizo ni kwamba kadi ya mteja inabaki ikisomeka kwamba alikopa, hakulipa, akafutwa. Miezi sita baadaye akija kuomba mkopo wa bidhaa, anayefungua kadi yake haoni kama aliwahi kurudi. Na kama kuna mvutano kuhusu kiasi kilicholipwa, leja haina cha kukusaidia. Ndiyo sababu deni linarudishwa kwanza kwenye akaunti ya mteja, kisha ndipo linalipwa.

Maingizo yenyewe

La kwanza ni vocha ya jarida ya kulirudisha deni, kwa kiasi alichokilipa:

Debiti: Mdaiwa (jina la mteja) — 1,180,000
Krediti: Madeni yaliyofutwa yaliyolipwa — 1,180,000
*Maelezo: kurudisha sehemu ya deni la ankara namba fulani, lililofutwa 2022, baada ya mteja kulipa kupitia wakili.*

La pili ni kupokea malipo:

Debiti: Benki — 1,062,000
Debiti: Gharama za kukusanya madeni — 118,000
Krediti: Mdaiwa (jina la mteja) — 1,180,000

Baada ya haya mawili akaunti ya mteja imerudi sifuri, lakini ukurasa wake sasa unaeleza yote: ankara, kufutwa, kurudishwa, kulipa. Mwisho wa mwaka, Sh 1,180,000 inahamia kwenye hesabu ya faida na hasara kama pato, au inaonyeshwa kwenye mstari uleule wa hasara za madeni ikipunguza madeni mliyofuta mwaka 2024. Mimi napendelea hilo la pili kwa kampuni ya biashara. Pato hili halikutokana na mauzo ya mwaka huu, na ukilichanganya na mauzo, uwiano wa faida ghafi unapotoka. Popote mtakapoliweka, lisiingie kwenye akaunti ya mauzo.

Sh 118,000 za wakili usiziache zimezwe. Ni rahisi kuandika kilichoonekana benki, Sh 1,062,000, pande zote mbili, na faida ya mwaka haitabadilika hata senti. Lakini mteja wako amelipa Sh 1,180,000 na ana risiti ya wakili inayosema hivyo. Ukiandika pungufu, kumbukumbu zenu zitasema bado anadaiwa Sh 1,298,000, wakati yeye anajua ni Sh 1,180,000, na Desemba mtagombana kwa kosa lenu. Mwombe wakili barua inayoonyesha kiasi alichopokea, alichokata na alichoweka benki, na uibandike kwenye vocha. Ada ya wakili mkazi pia ina kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwamba alijikata mwenyewe hakuwaondolei ninyi wajibu huo, kwa hiyo limalizeni naye mapema.

Kama mnatumia Tally, jarida ni F7 na mapokezi ni F6. Kwenye F7 ukimdebiti mteja, chagua `New Ref` na uandike namba ya ankara ya zamani ukiiongezea herufi yoyote ya kuitofautisha. Kwenye F6 chagua `Agst Ref` na uoanishe na namba hiyohiyo. Ukiacha `On Account`, salio la mteja litakuwa sifuri lakini ripoti ya madeni kwa umri itaonyesha mistari miwili inayoning'inia, deni upande mmoja na malipo upande mwingine, na kila mwezi mtu atauliza ni nini. Ada ya wakili ikikusumbua kuiweka kwenye F6, pokea 1,062,000 kwa F6, kisha upitishe F7 nyingine: debiti gharama, krediti mteja 118,000, `Agst Ref` ileile. Vocha zote zibebe tarehe ya 2024, si tarehe ya ankara.

Ile nusu iliyobaki

Utashawishika kurudisha deni lote, Sh 2,360,000, kwa kuwa mteja ameandika kwa mkono wake kuwa atamalizia. Vitabu vingi vya kufundishia vinaruhusu, pale ambapo malipo ya salio yanatarajiwa kweli. Kwa mteja huyu nisingefanya hivyo. Ushahidi mlionao ni ahadi ya mtu aliyewahi kufunga duka na kuzima simu. Ukirudisha salio lote sasa, unatambua pato la Sh 1,180,000 ambalo halijafika. Kwa kampuni inayotozwa asilimia 30, huo ni mzigo wa kodi wa Sh 354,000 juu ya fedha ambazo hamjazishika. Asipolipa Desemba, mtalifuta deni lilelile kwa mara ya pili, na kumweleza mtu yeyote jambo hilo ni kazi.

Kanuni ninayoifuata ni kurudisha kadiri kinachoingia. Kila awamu ikifika, jarida moja na mapokezi moja. Ningerudisha lote kama kuna kitu kizito kuliko neno lake: dhamana ya benki, dhamana ya mtu anayejulikana na mwenye uwezo, au awamu kadhaa alizokwisha kulipa kwa wakati. Hata hapo ningeweka tengo la hasara dhidi ya salio hilo.

Hata hivyo ile karatasi yake itunzeni vizuri. Kufuta deni kwenye vitabu si kumsamehe mteja. Ni ninyi kuacha kulihesabu kama mali, na haki ya kudai inabaki palepale. Kwa Sheria ya Ukomo ya Tanzania, madai ya mkataba yana miaka 6, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyosainiwa au akilipa sehemu, miaka hiyo inaanza kuhesabiwa upya. Hivyo malipo ya Mei 2024 yamewapa muda mpya, mradi mnaweza kuonyesha kuwa yalikuwa ya deni lile. Hapa maelezo ya vocha yana kazi nje ya uhasibu: andika namba ya ankara na tarehe yake, na kwenye stakabadhi ya mteja andika "sehemu ya malipo ya deni la ankara namba fulani, salio Sh 1,180,000". Stakabadhi inayosema "malipo" tupu haikusaidii siku ya mahakama.

VAT na risiti ya EFD

Umesema VAT hamkuigusa 2022. Maana yake ni kwamba mliilipa TRA wakati wa mauzo, na deni lilipofutwa mlibeba Sh 2,360,000 yote kama hasara, ikiwemo Sh 360,000 ya kodi. Kwa hali hiyo fedha zilizorudi hazina VAT mpya. Kodi ya mauzo yale ilishalipwa, na kiasi chote kinaingia kwenye madeni yaliyofutwa yaliyolipwa kama nilivyoandika juu.

Ingekuwa tofauti kama mlipunguza VAT mlipofuta. Ingizo la 2022 lingekuwa hasara 2,000,000 na VAT 360,000 upande wa debiti, mteja 2,360,000 upande wa krediti. Hapo mteja akilipa, sehemu ya kodi inarudi serikalini:

Debiti: Mdaiwa — 1,180,000
Krediti: Madeni yaliyofutwa yaliyolipwa — 1,000,000
Krediti: VAT ya kulipa — 180,000

Sehemu ya kodi inapatikana kwa kuzidisha kiasi kilicholipwa kwa 18/118, kwa sababu fedha anazolipa mteja zina kodi ndani yake. Kosa linalojirudia ni kupiga asilimia 18 juu ya 1,180,000 na kupata 212,400. Hapo mmelipa Sh 32,400 zaidi. Zile Sh 180,000 zinaingia kwenye ritani ya VAT ya mwezi mlipopokea fedha, na ritani ya Mei inawasilishwa kufikia Juni 20. Usimwamini mtu kwa kumbukumbu kuhusu kama VAT iliguswa au la. Fungua vocha iliyofuta deni mwaka 2022 na uangalie kama kuna mstari wa VAT, kisha ulinganishe na ritani ya mwezi ule.

Jambo jingine la kushika: kama risiti ya EFD ilitolewa mlipouza, msitoe nyingine leo kwa malipo haya. Risiti ya EFD inatangaza mauzo. Ukitoa ya pili kwa Sh 1,180,000, mashine inapeleka mauzo mapya TRA pamoja na VAT ya Sh 180,000, na mzigo uleule unatozwa kodi mara mbili. Mpeni mteja stakabadhi ya kawaida ya kupokea fedha yenye namba ya risiti ya EFD ya zamani. Keshia mpya ndiye anayekosea hapa mara nyingi, kwa kuwa amefundishwa kuwa kila fedha inayoingia inatolewa risiti ya mashine. Mwelekeze kabla Desemba haijafika.

Kodi ya mapato

Kwenye kodi ya mapato swali ni moja: hasara ya 2022 ilikubaliwa kama gharama kwenye ritani ya mwaka ule? Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kwa biashara isiyo benki, inataka uwe umechukua hatua zote za busara kudai na uwe na sababu ya kuamini kuwa hutalipwa. Kampuni zilizofuta deni bila barua za madai na bila kumbukumbu yoyote mara nyingi hulazimika kuirudisha gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi.

Kama ilikubaliwa, Sh 1,180,000 ni pato linalotozwa kodi 2024, na ada ya wakili ni gharama ya 2024. Kama ilikataliwa, kodi ya fedha hizo mlishailipa 2022. Pato linabaki kwenye hesabu ya faida na hasara, lakini kwenye jedwali la kukokotoa kodi ya 2024 mnaliondoa, mkiambatisha jedwali la 2022 linaloonyesha kuwa gharama ilirudishwa. Watu wengi hawalioni hili, kwa sababu anayekokotoa kodi 2024 hafungui faili la 2022. Ingizo la vitabu ni lilelile kwa hali zote mbili, na tofauti iko kwenye jedwali la kodi peke yake.

Kama mna tengo la madeni

Nimejibu nikichukulia kuwa mlifuta deni moja kwa moja kwenda kwenye gharama. Kama kampuni yenu inaweka tengo la madeni yasiyolipika na deni lile lilifutwa dhidi ya tengo, ingizo la kurudisha linafuata njia lililotokea:

Debiti: Mdaiwa — 1,180,000
Krediti: Tengo la madeni yasiyolipika — 1,180,000

Ingizo la mapokezi halibadiliki. Faida inaonekana mwisho wa mwaka, mnapolipanga tengo upya. Tuseme tengo lilianza mwaka likiwa Sh 3,000,000 na hakuna deni lingine lililofutwa. Baada ya ingizo hili linasoma Sh 4,180,000. Mkipitia wadaiwa waliopo Desemba 31 na kuona linalohitajika ni Sh 2,500,000, mnadebiti tengo Sh 1,680,000 na kukrediti hesabu ya faida na hasara kiasi hichohicho. Ndani yake kuna Sh 500,000 za tengo kupungua lenyewe na Sh 1,180,000 za mteja aliyerudi.

Hatari iko kwa anayechanganya njia mbili: anakrediti akaunti ya pato Mei, kisha Desemba anapopanga tengo anaongeza tena Sh 1,180,000 kwenye salio lake kwa sababu mkaguzi wa mwaka jana alisema malipo hupitia huko. Pato linahesabiwa mara mbili. Utaligundua kwa kuchukua tengo la mwanzo wa mwaka, kutoa madeni yaliyofutwa dhidi yake, kuongeza yaliyorudishwa humo, na kulinganisha na salio la leja kabla ya marekebisho. Visipolingana, kuna ingizo lililopita njia mbili.

Mahali fedha hizi zinapopotelea

Deni lililofutwa ndilo rahisi kuliko yote kuibiwa, kwa sababu hakuna anayelisubiri. Mteja wa kawaida akilipa na fedha zisifike, salio lake litaendelea kusoma na mtu atampigia simu. Mteja aliyefutwa salio lake ni sifuri, taarifa ya akaunti haitumwi, simu haipigwi. Akipita dukani na kumkabidhi mtu fedha taslimu, hakuna ripoti hata moja itakayopiga kelele.

Kwa hiyo wekeni daftari la madeni yaliyofutwa, nje ya leja, hata kama ni jedwali la Excel. Liwe na jina la mteja, namba ya ankara, kiasi, tarehe ya kufutwa, aliyeidhinisha, kama VAT ilipunguzwa, kama gharama ilikubaliwa kwenye kodi, na safu ya malipo yanayofuata. Hizo safu mbili za kodi ndizo zitakazokuokoa siku mtu anapolipa baada ya miaka minne na aliyefuta deni ameshahama kazi. Daftari lishikwe na mtu asiyepokea fedha wala kuandika stakabadhi. Mara moja kwa mwaka watumieni barua wateja wote walioko humo wanaopatikana, wathibitishe wanachodaiwa. Anayejibu "nilishalipa mwaka jana kwa fulani" amewapa taarifa ambayo usuluhishi wa benki hauwezi kuwapa.

Kwa mteja wako, ingiza leo mstari wake: kilichofutwa 2,360,000, kilicholipwa Mei 2024 1,180,000, salio 1,180,000, ahadi Desemba 2024. Akilipa kabla ya Desemba 31, unarudia maingizo mawili na pato ni la 2024. Fedha zikimfikia wakili Desemba na zikaingia benki yenu Januari, pato bado ni la 2024, kwa sababu wakili alizipokea kwa niaba yenu: unarudisha deni Desemba, unamkrediti mteja, na unamdebiti wakili kama mdaiwa hadi aziweke benki. Akilipa mwenyewe Januari au baadaye, ni pato la 2025. Asipolipa kabisa, kwenye leja hakuna cha kufuta, na wakili anaendelea na daftari pamoja na ile karatasi yenye saini.